Kutafuta vigawo: kukusanya mafungu na tofauti ya vipeo vya pili

Somo la Jumamosi kwa wanaoanza aljebra. Njoo na kalamu, karatasi mbili tupu na mkasi.

Tuanze na hesabu uliyoifanya tangu shule ya msingi. Piga 6 × 8 + 6 × 2. Unaweza kusema 48 na 12, jumla 60. Lakini mwenye jicho ataona kwamba 6 ipo pande zote mbili, ataitoa nje na kuandika 6 × (8 + 2), yaani 6 × 10. Jibu ni lilelile, jasho halikumtoka. Kitendo hicho cha kutoa nje kile kinachoshirikiwa ndicho tutakachokifanya leo mwanzo hadi mwisho, ila tutatumia herufi badala ya namba.

Herufi zisikutishe. Ukiona x, soma "namba fulani ambayo bado sijaambiwa". Zikiandikwa mbili pamoja, kama xy, maana yake ni x mara y. Na x² ni x mara x, ambayo tunaiita kipeo cha pili cha x. Mtajo kama xy + 2x una vipande viwili, kimoja xy na kingine 2x, vimetenganishwa na alama ya kujumlisha. Vyote viwili vina x, kwa hiyo x ni kigawo cha shirika na tunaitoa nje:

xy + 2x = x(y + 2)

Kutafuta vigawo ni kurudi kinyumenyume. Ukipewa 15 unaambiwa irudishe kuwa 3 × 5. Ukipewa xy + 2x unairudisha kuwa x mara (y + 2). Kwa kuwa ni safari ya kurudi, una njia ya kujihakikishia wakati wowote: zidisha ulichopata, uone kama kinakufikisha ulikotoka. Hakuna haja ya kumsubiri mwalimu aje na kalamu nyekundu.

Vipande vinne

Sasa tazama huu:

xy + 2x + 3y + 6

Tafuta kitu kilichomo katika vipande vyote vinne. Hakipo. Viwili vya kwanza vina x, viwili vya mwisho havina. Wengi hukata tamaa hapa na kuandika "haiwezekani". Inawezekana, ila kwa mafungu. Shughulikia viwili vya kwanza peke yao, kisha viwili vya mwisho peke yao:

xy + 2x = x(y + 2)
3y + 6 = 3(y + 2)

Mabano yaliyotokea yanafanana kabisa. Hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Mtajo wetu sasa ni

x(y + 2) + 3(y + 2)

Hatua inayofuata ndiyo ngumu kuliko zote katika somo hili, kwa hiyo tusiikimbilie. Hauna tena vipande vinne, una viwili. Cha kwanza ni x mara kitu fulani, cha pili ni 3 mara kitu kilekile. Funika (y + 2) kwa kidole kila inapoonekana, kisha uliite M. Unabaki na xM + 3M. Hiyo unaijua: M(x + 3). Ondoa kidole:

(y + 2)(x + 3)

Mabano mazima yametolewa nje kama kitu kimoja. Mwanafunzi akilielewa hilo, mengine yote ni mazoezi ya mkono.

Hakikisha kwa namba. Weka x = 5 na y = 4. Mtajo wa mwanzo unatoa 20 + 10 + 12 + 6 = 48. Jibu letu linatoa 6 × 8 = 48. Kupatana kwa namba moja si uthibitisho kamili, lakini kukosea kwingi hunaswa papo hapo. Uthibitisho kamili ni kuzidisha mabano yote mawili na kurudi kwenye vipande vinne.

Alama ya kutoa

ab − 4a − 3b + 12

Fungu la kwanza ni a(b − 4). Fungu la pili ni −3b + 12. Ukitoa 3 nje unapata 3(−b + 4), na mabano hayafanani na yale ya kwanza. Toa −3. Kwa kuwa −3 mara b ni −3b, na −3 mara −4 ni +12, tunapata:

a(b − 4) − 3(b − 4) = (b − 4)(a − 3)

Kanuni ninayoisisitiza ni hii: kipande cha tatu kikianza na alama ya kutoa, toa namba hasi nje, na alama za ndani zitageuka. Hapa ndipo alama nyingi za mtihani hupotelea, wala si kwa sababu mwanafunzi hakuelewa kukusanya mafungu.

Kuna mambo mengine madogo. Katika xy + 5x + y + 5, fungu la pili y + 5 halina cha kutoa nje, kwa hiyo andika 1 mbele yake: x(y + 5) + 1(y + 5) = (y + 5)(x + 1). Ukiisahau ile 1, utabaki na x peke yake na mabano mazima yatakuwa yamepotea. Pia vipande vinaweza kuja vimechanganywa. Katika 2m + np + mn + 2p, viwili vya kwanza havishirikiani chochote. Vipange upya: 2m + 2p + mn + np, yaani 2(m + p) + n(m + p) = (m + p)(2 + n). Kupanga upya hakubadilishi jumla, mradi kila kipande kihame na alama yake.

Na kuna mitajo inayokataa. Badilisha 6 ya mfano wa kwanza kuwa 5, upate xy + 2x + 3y + 5. Fungu la kwanza linadai (y + 2), la pili ni 3y + 5. Panga utakavyo, hayatalingana. Usilazimishe.

Vipande viwili tu

Sasa chukua karatasi. Kata mraba wenye upande wa sentimita 10. Eneo lake ni 100. Kwenye pembe moja kata mraba mdogo wa sentimita 3 uutupe. Umeondoa 9, zimebaki 91. Umbo lililobaki lina pembe iliyomeguka. Likate kwa mstari mmoja ulionyooka kuendeleza ukingo wa ndani, upate mistatili miwili: mmoja wa 10 kwa 7, mwingine wa 3 kwa 7. Yote miwili ina upande wa 7. Iunganishe kwa upande huo. Unapata mstatili mmoja wa 13 kwa 7.

Yaani 10² − 3² = (10 + 3)(10 − 3) = 13 × 7 = 91.

Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, alizithibitisha kanuni zake za aljebra kwa michoro ya miraba na mistatili namna hii. Herufi tunazotumia leo hakuwa nazo. Kwa hiyo kukata karatasi si mchezo wa watoto.

Kwa herufi, mraba mkubwa wenye upande a na mdogo wenye upande b:

a² − b² = (a + b)(a − b)

Vitabu vingi huiweka fomula hii kwenye ukurasa wake kana kwamba haina undugu na kukusanya mafungu. Mimi naona ni jambo lilelile. Anza na a² − b², kisha ongeza ab na uitoe hapohapo, jambo lisilobadilisha chochote:

a² − ab + ab − b²

Vipande vinne! Kusanya mafungu: a(a − b) + b(a − b) = (a − b)(a + b). Vile vipande viwili vya katikati vilikuwepo tangu awali, ila vilikuwa vimefutana. Ukiisahau fomula ndani ya chumba cha mtihani, unaweza kuijenga upya kwa mistari hii miwili.

Kuitumia kunahitaji kuuliza maswali mawili tu. Je, kila kipande ni kipeo cha pili cha kitu? Na je, katikati yao kuna alama ya kutoa?

x² − 49: x² ni kipeo cha pili cha x, 49 ni cha 7. Jibu (x + 7)(x − 7).

9k² − 25: 9k² ni kipeo cha pili cha 3k, si cha 9k. Jibu (3k + 5)(3k − 5).

2x² − 50: hapa 2x² si kipeo cha pili cha kitu safi. Lakini 2 inashirikiwa, itoe kwanza: 2(x² − 25) = 2(x + 5)(x − 5). Kigawo cha shirika hutangulia kila mara.

Usiandike x² − 25 = (x − 5)². Jaribu x = 10: upande wa kushoto 75, wa kulia 25. Na x² + 9 iache kama ilivyo. Jumla ya vipeo vya pili haivunjiki kwa namba unazozijua sasa.

Fomula hii ina faida hata bila herufi. 103 × 97 ni (100 + 3)(100 − 3), yaani 10000 − 9 = 9991, bila kuandika popote. Na 78² − 22² ni 100 × 56 = 5600. Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliitumia kuvunja namba kubwa: tafuta jinsi ya kuiandika namba kama tofauti ya vipeo viwili vya pili, vigawo vitajitokeza. Kwa mfano 391 ni 400 − 9, kwa hiyo ni 23 × 17. Yeye aliivunja 2027651281 kwa njia hiyo, akapata 46061 × 44021. Ukitaka, hakikisha kwamba hiyo ni 45041² − 1020².

Njia zote mbili katika swali moja

x³ + 2x² − 9x − 18

Mafungu: x²(x + 2) − 9(x + 2) = (x + 2)(x² − 9). Wengi huishia hapa. Tazama tena mabano ya pili: ni tofauti ya vipeo vya pili. Jibu kamili ni (x + 2)(x + 3)(x − 3). Kwa x = 4: 64 + 32 − 36 − 18 = 42, na 6 × 7 × 1 = 42.

Mazoezi

1. pq + 6p + 2q + 12
2. mn − 5m − 2n + 10
3. 16t² − 81
4. 3y² − 75
5. 65² − 35², bila kutafuta vipeo
6. Vunja 899
7. x³ − 5x² − 4x + 20

Majibu

1. (q + 6)(p + 2)
2. (n − 5)(m − 2)
3. (4t + 9)(4t − 9)
4. 3(y + 5)(y − 5)
5. 100 × 30 = 3000
6. 900 − 1 = 31 × 29
7. (x − 5)(x + 2)(x − 2). Ukiwa na (x − 5)(x² − 4), hujamaliza.