Makabidhiano ya ripoti za SACCOS, soma kabla hujafungua Ekseli

Mdogo wangu karibu kwenye kiti. Ijumaa ndo siku yangu ya mwisho, nimekuandikia kila ripoti maana yake nini, namba zinatoka wapi na nani mwenye neno la mwisho, maana mimi nilipewa flashi tu na miezi mitatu nikawa nabahatisha, sitaki yakukute.

Mikopo chechefu (PAR30)
Inatoka tarehe 5 kila mwezi. Ni salio LOTE la mikopo yenye rejesho lililochelewa zaidi ya siku 30, gawanya kwa salio la mikopo yote. Mtu anadaiwa milioni 2, kachelewesha rejesho la laki moja na themanini kwa siku 31, unaingiza milioni 2 nzima sio hiyo laki na themanini. Siku zinahesabiwa toka rejesho la zamani kabisa ambalo halijalipwa.

Chanzo ni eksipoti ya mfumo, shiti ya `mikopo_yote`, safu F ni salio na H ni siku:

```
=SUMIFS(F:F,H:H,">30")/SUM(F:F)
```

Usieksipoti kabla mhasibu hajapostia makato ya mishahara!! Mwaka jana niliwahi tarehe 3, orodha ya wadaiwa ikatoka na walimu ambao hela yao ilishakatwa, mmoja akapigiwa simu na mdhamini wake akiwa darasani, alikuja ofisini na salari slipu mkononi anatetemeka na mimi sina la kumjibu zaidi ya samahani. Toka hapo nasubiri mhasibu aniandikie "nimefunga" ndo nagusa.

Mwenye neno la mwisho hapa ni kamati ya mikopo, sio wewe wala meneja. Machi 2023 waliamua mkopo uliopangwa upya ubaki chechefu mpaka alipe marejesho 3 mfululizo, kwa hiyo mwezi huo asilimia inaruka, usiirekebishe. Muhtasari wa kikao upo kwenye faili la kijani.

Makato ya mishahara
Chanzo ni listi ya mwajiri, anayeileta ni mhasibu. Oanisha kwa cheki namba, kamwe usitumie majina, Mwanaidi huku kule kaandikwa Mwanaid na VLOOKUP inakuambia hajalipa. Cheki namba ikianza na sifuri Ekseli inaila, ifanye safu iwe Text kwanza.

Akiba na hisa
Hii nyepesi, usichanganye hivyo viwili tu. "Mwanachama hai" ni aliyeweka akiba angalau mara moja ndani ya miezi 3, ukibishiwa muulize afisa wanachama, ndo mwenyewe.

Ikibadilika maana yoyote andika kwenye shiti ya kwanza: tarehe, nani kaamua, kwa nini. Paswedi anazo meneja. Alhamisi tunafunga mwezi pamoja, wewe unashika mausi mimi nakaa pembeni, utakapokwama ndo tutajua nini sijakiandika hapa.