Tangazo kwa Wapangaji: Masharti Yaleyale, Maneno Mepesi

Mwanjelwa, Mbeya
28 Mei 2026

Ndugu wapangaji,

Tangazo lililobandikwa koridoni mwezi huu liliandikwa kwa maneno ya mahakamani, na wengi mmekuja kuniuliza linadai nini. Hili linachukua nafasi yake kuanzia 1 Juni. Hakuna sharti lililoongezwa wala kupunguzwa.

Kodi inalipwa ya miezi mitatu kwa mkupuo, mwisho tarehe 5 ya mwezi wa kwanza wa miezi hiyo mitatu. Ukipitisha, nitakupa barua. Tangu siku unayoipokea una siku 14 za kulipa. Zikiisha hujalipa, mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba. Akipokea kodi iliyochelewa safari hii, hajakuruhusu kuchelewa tena.

Mliosaini wawili kwa chumba kimoja, someni hapa vizuri. Tangazo lile lilisema mnawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Yaani kila mmoja wenu anaweza kudaiwa kodi yote, si nusu. Mwenzako akiondoka kimyakimya kwenda Tunduma, deni lote la chumba, pamoja na kitasa alichovunja, linaweza kuletwa kwako. Nusu yake utamdai mwenyewe.

LUKU mnachangia sawa kwa chumba, maji kwa idadi ya watu. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi, ni ya mwenye nyumba. Kila miezi mitatu anarudisha 4,500 kwenye mchango wenu.

Kitu kikiharibika kwa uzembe wako, wa mwanao au wa mgeni wako, unalipa wewe. Rangi kufifia na sakafu kuchakaa kwa matumizi ya kawaida si deni lako. Bati likivuja, kutengeneza ni juu ya mwenye nyumba, ila lazima unipe taarifa mara uonapo. Ukinyamaza mpaka dari ikaoza, hasara iliyoongezeka kwa ukimya huo ni yako.

Usimpangishe mtu mwingine chumba chako, chote au sehemu, bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Ya mdomo haihesabiki, hata nikiitoa mimi.

Jiko la mkaa haliwashwi wala kuingizwa chumbani likiwa na moto. Baridi ya Juni na Julai naijua, nami naisikia. Lakini hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Kukagua chumba, tutakutaarifu saa 24 kabla. Moto ukizuka au bomba likipasuka, tutaingia bila kusubiri.

Anayetaka kuhama, au mwenye nyumba akitaka uhame bila kosa lako, anatoa notisi ya maandishi ya siku 30. Ukihama bila notisi unalipa kodi ya siku hizo. Funguo zote, hata ulizochongesha mwenyewe, unanikabidhi mimi.

Asiyeweza kusoma nitamsomea Jumapili saa kumi jioni, uani.

Msimamizi wa nyumba,
kwa niaba ya mwenye nyumba