YAH: Pongezi kwa kushinda zabuni ya ujenzi wa skuli ya ghorofa tatu na dakhalia, Wilaya ya Micheweni

Chake Chake, Pemba
14 Agosti 2025

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Assalaam alaykum.

Jana tumepokea barua ya matokeo ya zabuni iliyotajwa hapo juu, na kwa niaba ya wenzangu wote katika kampuni ninakupongeza wewe na wafanyakazi wako kwa ushindi huu mlioupata kwa haki. Zabuni hii tuliitaka, tena sana, na sitaficha kwamba habari ilitushitua kidogo.

Siku ya ufunguzi, bei yenu iliposomwa na kuonekana ni pungufu ya yetu kwa shilingi milioni 312, nilidhani msomaji ameruka tarakimu. Niliporudi ofisini nikapitia upya mahesabu yetu na nikaona pale tulipozidiwa: sisi tulipanga kukodi magari na mashine za kuchanganyia zege kutoka Unguja, na kuzilipia hata siku ambazo mvua ingetusimamisha, ilhali nyinyi mnavyo vyenu. Kwa hiyo hatuna malalamiko, wala hatutawasilisha pingamizi lolote katika muda uliowekwa, nanyi mnaweza kuendelea na maandalizi bila ya wasiwasi kutoka upande wetu.

Liko jambo moja ambalo ningependa mlipokee. Wakati tunaandaa zabuni tulichimba mashimo matano ya kupima udongo katika kiwanja kile, na upande wa mashariki, ambako michoro inaonesha dakhalia, tulikuta udongo wa mfinyanzi hadi kina cha mita 2.5. Udongo huo huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na msingi wa kawaida hautautosha. Ripoti yote, pamoja na majibu ya maabara, ataileta mhandisi wetu ofisini kwenu Jumatatu. Hatuhitaji malipo, kwani kwetu sasa ingebaki kabatini tu, ingawa naomba mhandisi wenu naye ajiridhishe kwa vipimo vyake kabla ya kumwaga zege.

Aidha, kwa kuwa mnatoka Unguja, ni vyema mkawaandikisha vibarua mapema, maana karafuu zikishaiva hata fundi wangu wa siku nyingi huomba ruhusa akachume. Mkipungukiwa na watu au na pahala pa kuhifadhia saruji itakayoshushwa Mkoani, tuulizeni. Ghala letu lina nafasi hadi mwisho wa mwaka.

Watoto watakaolala katika dakhalia hizo ni wa huku kwetu, nasi tutafurahi kuliona jengo likisimama imara.

Wabillahi tawfiq.

Nduguyo katika kazi,
Mkurugenzi Mtendaji