Kwa Bariki, konda wetu wa gari la saa 11 alfajiri

Mwanangu Bariki,

Marahaba. Najua umeshasema shikamoo kabla hujasoma hata neno moja.

Suka ndiye aliyenidokeza juzi pale Njiapanda, wewe ukiwa chini unabishana na yule kijana wa magunia ya mkaa. Akasema Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho, Jumatatu unapanda mlimani na wapagazi. Nikanyamaza mpaka stendi ya Moshi. Ningekwambia kwa mdomo, lakini mle ndani nani anasikia? Na wewe mtu akianza kukueleza jambo la maana unagonga bati, gari linaondoka. Kwa hiyo mimi nasema, Neema anabonyeza simu. Makosa ya herufi ni yake.

Miaka minne sasa, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mikungu yangu sita unaipokea wewe pale Marangu Mtoni. Siku wakiweka deiwaka nalijua hilo kabla sijafika Mbuyuni: mshare umelaliwa na madumu, umechubuka, wateja wanaugeuzageuza halafu wanataja bei ya kulishia ng'ombe. Wewe unatandika magunia kwanza kwenye keria, unaipanga mikungu mmoja mmoja, unafunga kamba bila kuibana ndizi. Wala hakuna aliyekuagiza. Watu wanasema konda ni mdomo, na mdomo unao kweli, maana kila mwanaume kwako ni mangi na kila siti ya watatu kwako ni ya wanne. Lakini mimi nimekujua kwa mikono yako.

Tuligombana mara moja tu. Ulipandisha mzigo kutoka shilingi 500 kwa mkungu mpaka 1,000, ukasema tajiri kaongeza hesabu na mafuta yamepanda. Nikasusa wiki mbili, nikawa napanda gari la nyuma yenu. Halafu siku ile ya mvua ukashuka kwenye gari lako, ukaunyakua mkungu wangu mikononi mwa konda wa watu: "Mama, huyu ataziua hizi ndizi." Tukakubaliana 700. Mpaka leo ni 700, na tajiri wako hajui.

Sasa sikiliza ya Baba Neema. Unajua alibeba misimu sita mpaka magoti yakakataa. Anasema mzigo wako unapimwa langoni, mwisho kilo 20. Mtu akikuchomekea kitu baada ya mzani, hata kama ni chungu kidogo tu cha jikoni, kataa, tena mbele za watu. Kambi ya Mandara, mita 2,720, hutaona tofauti kubwa, ni baridi ya kwetu iliyozidi kidogo. Horombo, mita 3,720, ndipo kichwa kinaanza kugonga. Kambi ya Kibo ni 4,720, na pale hakuna kujikaza. Nakufahamu wewe, uliwahi kuning'inia mlangoni na malaria siku mbili unaita abiria wa Himo. Mlimani usinifanyie hivyo. Kichwa kikizidi, ukaanza kutapika au kuyumba, mwambie kiongozi na ushuke siku hiyohiyo. Hela ya safari moja haifiki hata robo ya ulivyo kwa mama yako.

Na usipande na viatu vya kuazima. Vya kuazima vinakubana ukipanda, ukishuka vinakung'oa kucha. Hilo ni Baba Neema tena, kucha zake mbili hazijarudi sawasawa.

Nilipita Kiboriloni kwenye mitumba nikakuchagulia jaketi na jozi mbili za soksi za sufu. Jaketi lilikuwa na zipu mbovu, fundi ameshabadilisha. Lina rangi ya machungwa, usicheke, ukipotea kwenye ukungu watakuona. Limo kwenye mfuko mweusi, nitamwachia suka, wewe huchelewi kukataa.

Huyo kijana anayekuja badala yako mwoneshe yale magunia, na umweleze habari ya 700. Usimwambie nimesema ni mzuri, sijamwona bado akifunga kamba.

Msimu wa mvua wageni wakipungua, ukishuka, pita nyumbani. Hata usiku. Mbege haikosekani, na Baba Neema atataka kusikia nani bado yuko mlimani katika wenzake.

Ijumaa nitakuja na mikungu minane badala ya sita. Miwili ya mwisho ni ya mama yako, mshare mmoja na kisukari mmoja, mshushie pale Uchira. Na hiyo miwili, Bariki, usithubutu kunidai nauli.

Mama Neema