Kidole kinachoandika: maoni juu ya tafsiri mbili za ubeti mmoja

Ndugu Mhariri,

Nimezisoma tafsiri zote mbili, ulizoniletea nikuchagulie moja ya kutia katika diwani, za ule ubeti wa kidole katika rubai za Omar Khayyam, tena kwa sauti, maana kwa macho peke yake zinadanganya. Majina ya wafasiri uliyafuta, basi nitawaita wa kwanza na wa pili.

Wa kwanza kaandika:

Kidole chenye kutembea chaandika, kikishaandika,
chasonga mbele: si uchaji wako wote wala werevu wako
utakaokivuta kirudi kufuta nusu ya mstari,
wala machozi yako yote kuosha neno lake moja.

Wa pili:

Kidole kimeandika, hakingoji kimekwenda,
Hata ukielimika, ukasali ukashinda,
Hakirudi nyuma tena, kufuta nusu ya neno,
Hata chozi likitoka, halifui lilotanda.

Kwa kipimo cha maana, wa kwanza hana mpinzani. Kila kilichomo katika Kiingereza cha FitzGerald, aliyemtafsiri Khayyam kutoka Kiajemi na ambaye ubeti wake ndio ninaouita asili, kimo kwake, hata ile "wako wote" na "yako yote". Pia kakamata jambo ambalo wa pili hakuliona: katika asili sentensi haikomi mwisho wa mstari wa kwanza. Inavuka, na kidole kinasonga mbele pale pale jicho linaposhuka mstari wa pili. Ushairi wetu wa mizani umezoea mshororo unaojifunga wenyewe, kwa hiyo wa pili kafunga mlango mapema.

Lakini hebu uusome huo wa kwanza mbele ya watu. Mizani ni 19, 20, 19, 18. Asili ina 10 kila mstari. Najua maneno ya Kiingereza ni mafupi na yetu ni marefu, simlaumu kwa hesabu. Namlaumu kwa pumzi: "utakaokivuta kirudi kufuta" inatembea kama mtu aliyebeba meza ngazini. Halafu "kidole chenye kutembea" kinachekesha, unakiona kina miguu. Na "werevu" si neno la hapa. Mwerevu ananukia ujanja, na asili inataka akili.

Wa pili, sikiliza mshororo wake wa kwanza tu. Kidole, kimeandika, hakingoji, kimekwenda: "ki" inagonga mara nne, kama ncha ya kalamu juu ya karatasi. Hakuna "kutembea" wala "songa mbele", na bado kidole kimeondoka. Mizani ni 8 kwa 8 mwanzo hadi mwisho. Vina vya ukwapi ni -ka, vya utao -nda, vinavunjika mshororo wa tatu na kurudi wa nne, jinsi rubai inavyotaka. Ile "wote" iliyopotea kaifidia kwa "hata" mbili. Na "halifui" ni bora kuliko "kuosha": doa la wino hufuliwa.

Ana makosa mawili. "Ukashinda" imeletwa na kina. Alimaanisha kushinda ukisali mchana kutwa, lakini msikilizaji anaweza kusikia ushindi, na ubeti mzima unasema hakuna anayeshinda. La pili ni zito zaidi. Asili inashuka: nusu ya mstari haifutiki, hata neno moja halifutiki. Yeye kaanza na nusu ya neno, akabaki hana pa kushukia. Tena hakulazimishwa na lolote, maana mshororo huo hauna kina cha kulinda, na "kufuta nusu mstari" ni mizani 8 vilevile. Ila akibadilisha hapo, "lilotanda" inakosa neno la kurejelea. Nilijaribu "neno halitalivunda" nikaiacha: chozi halivunji neno. Arudishiwe mwenyewe ahangaike nayo.

Utaniuliza kuhusu uaminifu. Kwa nani? FitzGerald alipotoa rubai hizi mwaka 1859 aliziunganisha na kuzigeuza atakavyo, na alimwandikia rafiki yake Cowell kwamba afadhali shomoro aliye hai kuliko tai aliyejazwa majani. Shaaban Robert naye alipitia Kiingereza hicho hicho alipomleta Khayyam kwetu. Wa kwanza, basi, kamfuata neno kwa neno mtu ambaye mwenyewe hakufuata neno kwa neno. Kama angekuwa ametoka kwenye Kiajemi chenyewe, ningempima kwa mizani nyingine.

Diwani hii, ulivyoniambia, itasomwa jukwaani. Naupendekeza wa pili, kwa sharti kwamba "nusu ya neno" iondoke na "ukashinda" itafutiwe mbadala. Huu wa kwanza usiutupe. Uwekwe nyuma ya kitabu, kwenye maelezo, kwa wanaotaka kujua asili inasema nini hasa. Pale hakuna atakayeusoma kwa sauti.