Kundi la Da Somoe

Simu ya Da Somoe haikupumzika. Kundi la wasapu lilimletea mlonge wa presha, mbegu za papai za minyoo, kitunguu saumu cha kila kitu kilichobaki. Mdogo wake, Hadija, alikuwa na swali moja tu: "Kaandika nani, dada?"

"Watu wamepona, we uliza majina!"

Msimu wa korosho, Hadija alidamka kwenda Nanyamba kufuatilia malipo kwenye chama cha msingi. Shafii, wa miaka mitatu, akabaki Mikindani kwa mama yake mkubwa.

Adhuhuri mtoto alikuwa wa moto. Somoe akachemsha mwarobaini, akamfunika kanga na kumfukiza. Joto likazidi, akatapika. Somoe akauliza kundini, na majibu yakamiminika: mchaichai, mafuta ya habasoda, moshi wa mavi ya tembo (Mikindani hapa, tembo yupi?). Mmoja akaandika kwa herufi kubwa: HIYO NI DEGEDEGE, AKICHOMWA SINDANO ANAKUFA. Hilo Somoe aliwahi kulisikia hata kwa bibi, kwa hiyo likamwingia.

Hadija alirudi alasiri. Alimgusa mtoto, akaenda moja kwa moja kabatini, akatoa vidonge vya dawa mseto vilivyobaki tangu masika.

"Umempima?" Somoe akamdaka mkono.

"Malaria naijua."

"Ah! Na hiyo kaandika nani?"

Hadija hakuwa na jibu. Wakiwa wamesimama vile, Shafii akakakamaa, macho yakageuka juu.

Hakuna aliyebishana tena. Bodaboda moja, wote watatu, Somoe nyuma kabisa, kamshika mtoto ubavu asimeze ulimi, jambo ambalo nalo ni la kundini. Zahanati nesi alimtoboa kidole, akadondosha tone kwenye kipimo. Dakika chache baadaye mistari miwili ikajitokeza. Alipotaja sindano, Hadija alimtazama dada yake. Somoe akauangalia ukuta.

"Mchome," akasema.

Wakapelekwa hospitali ya Ligula. Sindano nyingine baada ya saa kumi na mbili, nyingine kesho yake. Baada ya hapo Shafii akadai maandazi, wakaruhusiwa na dozi kamili ya dawa mseto. Nesi aliwauliza walimpa nini nyumbani. Aliposikia habari ya vidonge vya kabatini aliwagombeza wote wawili sawasawa, hata Hadija akaona ameonewa.

Jioni ile Somoe alirekodi sauti, akaituma kundini: mtoto kachomwa sindano na yuko hai, anakula maandazi. Simu ikalia mara moja.

"Wamenitoa," akasema, akasonya.

"Pole. Dozi ya pili saa ngapi?"

"Ya kwanza kanywa saa kumi na moja. Baada ya saa nane... saa saba usiku."

"Basi tega alamu. Na maziwa yapo? Nesi kasema asinywe tumbo tupu."

"Yapo. Ila hilo la maziwa," Somoe akauliza, "kaandika nani?"

Hadija akamrushia kanga.