Data zako na masharti ya kutumia tovuti ya masomo ya Kihispania (tafsiri ya Kiswahili)

Toleo la tarehe 3 Machi 2025

Hii ni tafsiri ya kurasa mbili zilizo chini kabisa ya tovuti yetu, `Política de privacidad` na `Términos de uso`. Tumezitafsiri kwa sababu wanafunzi wetu wengi mko Mombasa, Tanga, Dar na Goma na wengine mko hukuhuku Uhispania, na mtu kubonyeza `Acepto` kwenye kitu ambacho hajakielewa si haki hata kidogo. Maandishi ya asili ni ya Kihispania. Lakini ukijiunga kwa kusoma Kiswahili, halafu ikaonekana Kiswahili chetu kimekuahidi zaidi ya kile cha Kihispania, tutafuata ulichosoma wewe, kosa la tafsiri ni letu si lako.

Kabla hujaendelea, maneno machache tumeyashika kwa maana moja tu. Tukisema "lazima" ni lazima kweli. Tukisema "tunaruhusiwa" maana yake tuna haki ya kufanya ila si kwamba tutafanya, na hapo tumelikwepa neno "tunaweza" kwa makusudi maana kwa Kiswahili linachanganya uwezo na ruhusa. "Data zako" ni kitu chochote kinachoweza kukutambulisha wewe: jina, imeili, namba ya simu, sauti yako kwenye rekodi ya somo. Hatukuandika "taarifa" kwa sababu taarifa pia ni habari au tangazo.

SEHEMU YA KWANZA: DATA ZAKO

Nani anawajibika

Sisi ni ofisi ndogo ya walimu iliyopo Valencia. Jina kamili la kisheria, namba ya kodi (NIF) na anuani viko chini ya kila ukurasa, kama sheria ya Uhispania 34/2002 inavyotaka. Sisi ndio tunaoamua data zako zichukuliwe kwa ajili gani na zitunzwe vipi, kwa hiyo ukiwa na lawama unaileta kwetu, hata kama aliyekosea ni kampuni tuliyoipa kazi.

Sheria tunayoifuata ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2016/679, kwa Kihispania RGPD, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, pamoja na sheria ya Uhispania namba 3/2018. Wengi mnauliza kama inamhusu mtu aliye Tanga. Ndiyo inamhusu, kwa sababu ofisi yetu iko ndani ya Umoja wa Ulaya, na kanuni hiyo inaangalia ofisi iko wapi, haiulizi mwanafunzi ni raia wa wapi wala anakaa wapi.

Tunachochukua na kwa nini

Ukifungua akaunti tunachukua jina, imeili, nchi unayokaa na lugha unayoongea, bila hivyo hatuwezi kukupangia mwalimu. Msingi wake kisheria ni mkataba kati yetu na wewe. Ukilipa, namba ya kadi yako inaenda moja kwa moja kwenye mfumo wa benki, sisi tunaona tarakimu 4 za mwisho tu na kama malipo yamepita. Risiti tunazitunza kwa sababu sheria inatulazimisha, hapo hata ukikataa bado lazima tuzitunze.

Somo halirekodiwi mpaka ukubali, na ridhaa hiyo ni ya peke yake, haimo ndani ya `Acepto` ya kujiunga. Mwalimu atakuuliza mwanzoni na utaona kitufe `Permitir grabación`. Ukikataa unasoma kama kawaida na bei haibadiliki. Ukikubali leo ukaghairi kesho, tunafuta rekodi, ila kilichofanyika kabla hujaghairi kinabaki kuwa halali.

Kuna kitu kimoja tunakifanya bila kukuomba ridhaa na tunataka ukijue. Tunatunza kumbukumbu za nani ameingia kwenye akaunti, saa ngapi na kwa mtandao upi (anuani ya IP), ili tumkamate anayejaribu kuingia kwa paswedi za watu. Kisheria hii inaitwa `interés legítimo`. Kwenye rasimu yetu ya kwanza iliandikwa "riba halali" tukaifuta haraka, maana riba ni ya mkopo na msomaji angedhani anadaiwa. Maana yake ni hii: tuna sababu ya haki ya kufanya hivyo, tumeipima na faragha yako, na wewe una haki ya kupinga ukaeleza hali yako.

Matangazo ya kozi mpya tunakutumia kwa imeili ukiwa umeweka tiki mwenyewe. Kisanduku kinakuja kitupu.

Nani mwingine anaziona

Hatuuzi data zako kwa mtu yeyote. Zinaonwa na mwalimu wako, na mhasibu wetu (risiti tu), na kampuni inayotukodisha seva, ambayo seva zake ziko Ujerumani, na kampuni ya Marekani inayoendesha simu za video, na msaidizi wetu aliye Mombasa anayejibu meseji zenu za Kiswahili, yeye anaona jina, imeili na kiwango chako cha lugha basi. Wote hawa wanafanya kwa maagizo yetu ya maandishi na hawaruhusiwi kutumia data hizo kwa shughuli zao.

Kwa tarehe ya toleo hili Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Kamisheni ya Ulaya imeshaamua kwamba ulinzi wake wa data unatosha. Haina maana Kenya haina sheria, inayo, ya mwaka 2019. Maana yake ni kwamba sisi lazima tuongeze ulinzi, kwa hiyo msaidizi wetu amesaini vifungu vya mkataba vilivyopitishwa na Kamisheni mwaka 2021, na hivyohivyo kampuni ya simu za video. Ukitaka nakala iombe, tutakutumia.

Zinakaa muda gani

Data za akaunti zinakaa mpaka uifunge, au miezi 24 bila kuingia, na tunakukumbusha kwa imeili siku 30 kabla. Rekodi za masomo siku 60. Kumbukumbu za kuingia miezi 12. Risiti miaka 6, hiyo ni Sheria ya Biashara ya Uhispania.

Hapa soma taratibu. Ukibonyeza `Eliminar mi cuenta`, data hazipotei papo hapo zote. Sheria ya Uhispania inataka kwanza "zifungiwe", kwa Kihispania `bloqueo`, na hii siyo ile bloku ya kwenye simu. Ni kama karatasi zilizotiwa kabatini, kabati likafungwa: sisi haturuhusiwi kuzisoma wala kuzitumia, anayefunguliwa ni hakimu, mwendesha mashtaka au mamlaka husika ikizihitaji kwa ajili ya kesi au madai. Muda wa kudaiana ukiisha lazima ziteketezwe.

Haki zako

Una haki ya kuuliza tuna nini chako na kupewa nakala, kurekebisha kilichokosewa, kufutiwa, kutuzuia tusizitumie wakati mzozo unaangaliwa, kupewa data zako kwenye faili la kompyuta ukazipeleka kwingine, na kupinga. Pia una haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake kwa jambo zito, ila kwetu mashine haiamui chochote, kiwango chako anapanga mwalimu.

Andika kwa fomu ya `Contacto`, kwa Kiswahili chochote ulichonacho, cha Goma au cha Unguja, huhitaji kutaja kifungu cha sheria. Lazima tukujibu ndani ya mwezi 1. Ombi likiwa gumu tunaruhusiwa kuongeza miezi 2, lakini lazima tukwambie ndani ya mwezi ule wa kwanza na tutoe sababu. Ni bure. Hatuombi picha ya kitambulisho labda tuwe na shaka ya kweli kwamba ni wewe.

Usiporidhika, unaruhusiwa kulalamika kwa mamlaka ya Uhispania ya kulinda data, AEPD, Calle Jorge Juan 6, 28001 Madrid, `www.aepd.es`. Si lazima uanzie kwetu.

Kuki

Kuki zinazokufanya ubaki umeingia kwenye akaunti hazihitaji ridhaa. Zile za kuhesabu wageni zinahitaji, na hazianzi mpaka ubonyeze `Aceptar`. Kitufe cha `Rechazar` kiko pembeni yake na ukubwa uleule.

Watoto

Chini ya miaka 14, sheria ya Uhispania inataka mzazi au mlezi ndiye aridhie. Wa miaka 14 mpaka 17 anaridhia data zake mwenyewe, ila kununua masomo lazima anunue mtu mzima.

SEHEMU YA PILI: MASHARTI

Akaunti ni ya mtu mmoja. Ukimpa nduguyo paswedi, atakachofanya humo tutakihesabu umefanya wewe mpaka utuambie vingine.

Bei zote ni za euro na kodi imo. Kihispania kinaandika mkato pale ambapo wengi wetu tunaweka nukta, kwa hiyo ukiona `14,50 €` ni euro kumi na nne na senti hamsini.

Kughairi ununuzi: una siku 14 tangu ununue, hutoi sababu yoyote. Ukiwa umetuomba tuanze masomo kabla siku hizo hazijaisha, unalipia uliyosoma tu. Mfano, umenunua bando la masomo 10 kwa euro 145, umesoma 3, ukaghairi siku ya 9. Tunarudisha masomo 7, yaani euro 101.50, ndani ya siku 14 tangu tupate ujumbe wako na kwa njia ileile uliyolipia. Bando ukishalisoma lote haki hii inaisha. Vitabu vya kudaunilodi ni tofauti, hapo tunakuuliza kabla, na ukikubali kwamba haki inaisha ukianza kudaunilodi basi inaisha kweli.

Kuahirisha somo: mwambie mwalimu saa 24 kabla, ukichelewa somo linahesabiwa. Kuhusu saa watu wamepoteza masomo, kwa hiyo shika hili. Ratiba inaonyesha saa za Valencia. Somo la `18:00` ni saa 12 jioni Valencia, na kwa Nairobi au Dar ni saa 1 usiku wakati wa kiangazi cha Ulaya na saa 2 usiku wakati wa baridi. Saa za huko zinabadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, za kwetu Afrika Mashariki hazibadiliki. Mwalimu akikosa yeye, unachagua somo jingine au hela yako.

Mazoezi na video za masomo ni mali yetu, zisome, ziprinti kwa matumizi yako, usiziuze. Insha zako ni zako.

Tunaruhusiwa kufunga akaunti ya anayetukana au kunyanyasa walimu na wenzake. Tutamwandikia sababu, atapata nafasi ya kujibu, na masomo ambayo hajayasoma tutamrudishia hela.

Mtandao ukikatika upande wako hatuwajibiki. Madhara yaliyotokana na makusudi au uzembe wetu tunawajibika, hakuna sentensi humu inayoondoa hilo.

Masharti yakibadilika tunakuandikia siku 30 kabla, na bando ulilokwisha kulipia linaendelea kwa masharti ya zamani mpaka liishe.

Mkataba huu unafuata sheria ya Uhispania. Kama sheria ya unakoishi inakupa ulinzi wa mteja usioweza kuondolewa, au haki ya kufungua kesi mahakama ya kwenu, kifungu hiki hakikunyang'anyi.